Kabla hujatuma pesa kwa TT: namba ya IEC na nyaraka za forodha zinavyomsema muuzaji

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya wafanyabiashara wanaoagiza mashine, vipuri na vifaa vya hospitali kutoka India. Wengi waliokosa nafasi siku ile wameniomba niiandike, nami naiweka hapa nzima kama nilivyoisema.

Wazee wangu, kina mama, kaka na dada zangu, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi kwenu nyote.

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha miaka mingi, na kazi yangu ni kusoma makaratasi ya watu wengine. Nikikaa na faili la mzigo wako namfahamu muuzaji wako kuliko wewe uliyezungumza naye Wasapu miezi miwili. Siyo kwa ujanja wangu. Ni kwa sababu kila anayevusha mzigo mpakani anaacha alama serikalini, alama ya kwake na alama ya mzigo wake, na alama hizo unaweza kuzisoma na wewe kabla hujatoa hata senti moja. Leo nataka tuzisome pamoja. Nimechagua India peke yake, kwa sababu ndiko wengi mlioko humu ndani mnakonunua, na kwa sababu India imeweka rejista yake ya waagizaji na wasafirishaji wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye simu.

Naomba niwaulize. Nani humu ndani, mara ya mwisho alipopokea profoma kutoka India, aliiangalia ile namba iliyoandikwa IEC pale juu au pale chini ya karatasi? Inueni mikono. Naona mikono minne. Watu wote hawa, mikono minne! Na pesa tumetuma wote.

Basi tuanze na hiyo IEC. Kule India kuna sheria ya biashara ya nje ya mwaka 1992, na sheria hiyo inasema mtu haruhusiwi kuingiza wala kutoa mzigo wa biashara bila namba hii. Inatolewa na ofisi inayoitwa DGFT, iliyo chini ya wizara yao ya biashara na viwanda. Ina nafasi kumi. Za zamani ni tarakimu tupu, na tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha ofisi iliyoitoa: 03 ni Mumbai, 05 ni Delhi, 08 ni Ahmedabad. Lakini kuanzia mwaka 2017, walipoanzisha kodi yao ya GST, kila anayesajiliwa upya namba yake ya IEC ni ileile namba yake ya mlipakodi, wanayoiita PAN. Hapo ndipo utamu ulipo, ndugu zangu, kwa sababu PAN inasomeka.

Tazameni hii. Ni ya mfano, nimeitunga mimi:

```
ABCPK1234L
```

Herufi tano, tarakimu nne, herufi moja. Herufi tatu za mwanzo ni za mpangilio tu, ziacheni. Nendeni kwenye ya nne. Herufi ya nne inasema mwenye namba ni nani mbele ya sheria. Ikiwa C, ni kampuni iliyosajiliwa. Ikiwa F, ni ubia. Ikiwa P, ni mtu mmoja, binadamu. Kisha herufi ya tano: kwa kampuni au ubia ni herufi ya kwanza ya jina la biashara, na kwa mtu ni herufi ya kwanza ya jina lake la ukoo. Kwa hiyo hii hapa inasema nini? Inasema ni mtu mmoja, na ukoo wake unaanza na K.

Sasa niwape kisa. Kijana mmoja wa Mbeya aliniletea profoma ya mashine za kukoboa mpunga pamoja na injini zake za dizeli, kutoka jimbo la Gujarat. Jumla dola 38,000. Muuzaji alitaka asilimia 30 mbele, yaani dola 11,400, na zilizobaki akishapakia. Karatasi ilikuwa nzuri kweli: nembo, picha ya kiwanda, jina la kampuni linaloanza na S na mwishoni limeandikwa Private Limited, na chini yake maneno kwamba wapo kwenye kazi hiyo tangu 1994. Kijana alikuja kwangu kuuliza ushuru wa mashine. Mimi nikamwomba profoma, nikatafuta IEC. Herufi ya nne ilikuwa P. Herufi ya tano ilikuwa K.

Mnaona tatizo liko wapi? Kampuni inayoanza na S, yenye Private Limited, ilitakiwa kuwa na C na S mahali pale. Hii ina P na K. Bado hatujafungua tovuti yoyote, bado hatujampigia mtu yeyote simu, na tayari karatasi inajipinga yenyewe.

Tukafungua tovuti ya DGFT, dgft.gov.in, sehemu ya huduma, palipoandikwa View Any IEC. Unaandika namba pamoja na jina la biashara, unajaza zile herufi za kuthibitisha kwamba wewe ni mtu, na ukurasa unafunguka. Hulipii. Hujisajili. Na ukurasa ule unasema mengi: jina kamili, anwani, matawi, aina ya biashara, majina ya wenyewe au wakurugenzi, tarehe namba ilipotolewa, tarehe biashara ilipoanzishwa, kama namba iko hai, imesimamishwa au imefutwa, na kama mwenyewe yumo kwenye orodha ya walionyimwa huduma, ambayo wao wanaiita DEL. Unaonyesha pia uanachama wake kwenye mabaraza ya wasafirishaji wa bidhaa, RCMC, na hapo mara nyingi utaona kama amejiandikisha kama mwenye kiwanda au kama mfanyabiashara anayenunua na kuuza.

Ya yule wa Gujarat ilisemaje? Biashara ya mtu mmoja. Namba ilitolewa miezi saba kabla ya profoma. Anwani ilikuwa ya nyumba ya ghorofa, namba ya fleti na yote. Kiwanda hakuna, na 1994 haimo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukimbilia kupiga kelele ya mwizi. Hakuwa mwizi. Kijana wangu alimwandikia kwa adabu, akamuuliza mbona karatasi zinasema hivi na rejista inasema vile. Yule bwana akakiri: alifanya kazi ya mauzo kwenye kiwanda kile cha pichani, ameacha, sasa ananunua kwa bosi wake wa zamani na kuuza nje kwa jina lake. Hilo ni jambo la halali kabisa. Biashara ya kati si dhambi, hata sisi Kariakoo tunaishi nayo. Lakini masharti ya kumlipa mtu mwenye fleti na miezi saba hayawezi kuwa sawa na ya kukilipa kiwanda chenye miaka thelathini. Nani atatengeneza mashine ikifika mbovu? Udhamini wa mwaka mmoja ulioandikwa pale ameutoa nani? Wakakubaliana upya: malipo yakapita kwa barua ya dhamana ya benki badala ya TT ya moja kwa moja, udhamini ukaandikwa na kiwanda chenyewe kwa jina la kiwanda, na bei ikashuka. Mashine zinakoboa hadi leo.

Niongeze jambo moja hapo hapo, kwa sababu linakamilisha picha. Ile namba ya PAN imo pia ndani ya namba yao ya GST, ambayo kwa kawaida iko kwenye invoisi. GST ina nafasi 15. Mbili za mwanzo ni za jimbo: 24 ni Gujarat, 27 ni Maharashtra kuliko na Mumbai, 07 ni Delhi. Kumi zinazofuata ni PAN yenyewe. Kisha nafasi tatu za mwisho, na hapo kati kwa kawaida utaona herufi Z. Hivi:

```
24 ABCPK1234L 1Z5
```

Kwa hiyo chukua IEC ya mtu wako, kama ni ya mtindo mpya, uitafute ndani ya namba yake ya GST. Isipoonekana, una namba za watu wawili kwenye karatasi moja. Ulizeni kwa nini! Inaweza kuwa na jibu zuri, inaweza isiwe nalo. Na ukiipeleka ile GST kwenye tovuti yao ya kodi, gst.gov.in, sehemu ya kutafuta mlipakodi, utaona jina la kisheria, jina la biashara, tarehe ya usajili, na jedwali la ritani alizowasilisha mwezi kwa mwezi. Mtu anayekwambia anapakia makontena kila wiki, halafu ritani zake zimekatika nusu mwaka, huyo ana maelezo ya kukupa.

Na hiyo DEL, msiipite. DGFT humwingiza mtu humo akivunja masharti yao. Sababu moja ya kawaida ni hii: serikali yao huruhusu kiwanda kuagiza mitambo au malighafi bila ushuru kwa ahadi kwamba kitasafirisha nje bidhaa za thamani fulani. Asipotimiza ahadi au asipoleta ushahidi, anaweza kuingizwa kwenye DEL. Anaweza kutoka baadaye akishamalizana nao. Ukimkuta humo haina maana kwamba atakuibia wewe, ila ina maana kwamba ana ugomvi na serikali kuhusu kusafirisha, na mzigo wako unaweza kukwama kwenye ugomvi usiokuhusu. Vilevile namba iliyozimwa: tangu 2021 kila mwenye IEC anatakiwa kuihuisha mtandaoni kati ya Aprili na Juni kila mwaka, hata kama hakuna kilichobadilika. Asipofanya, inazimwa. Ukiiona imezimwa mwezi wa saba, mara nyingi ni uzembe wa karani, anaihuisha inafunguka. Ukiiona imezimwa tangu mwaka juzi, na yeye anadai alipakia wiki jana, je, alipakia kwa namba ya nani?

Ndugu zangu, baada ya kuisifu namba hii sasa lazima niwaonye juu yake. IEC inagharimu rupia 500. Inaombwa mtandaoni na hutoka haraka. Hakuna anayekwenda kukagua kiwanda. Kwa hiyo neno Valid kwenye ukurasa ule linasema kitu kimoja tu: mtu huyu amesajiliwa. Halisemi kwamba bidhaa yake ni nzuri. Halisemi kwamba anayekuandikia ndiye mwenye namba.

Hilo la mwisho ndilo linalotuumiza zaidi, na lina kisa chake. Dada mmoja anayeleta vifaa vya hospitali amefanya kazi na kampuni moja ya Mumbai kwa muda mrefu. IEC yao iko hai, herufi ya nne ni C, herufi ya tano inalingana na jina, GST inalingana, kila kitu kinalingana. Siku moja ikaja barua pepe, kwenye mazungumzo yaleyale ya oda ileile, ikisema akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali malipo ya sasa tuma kwenye akaunti hii nyingine. Benki ya nchi nyingine kabisa, nje ya India. Nembo ileile, sahihi ileile, namba ya IEC ileile. Mwizi alikuwa ameingia kwenye barua pepe za mmoja wao na kunakili kila kitu. Angeangalia rejista ya DGFT, angepata nini? Angepata Valid! Kwa sababu namba ilikuwa ya kweli, ya kampuni ya kweli.

Kilichomwokoa ni namba nyingine ambayo wengi hawaijui. Kule India msafirishaji kabla ya kupakia anatakiwa kusajili benki yake forodhani, kwa namba ya tarakimu 14 inayoitwa AD code. Hiyo ni namba ya tawi la benki lililoruhusiwa kushughulika na fedha za kigeni, na imefungwa pamoja na IEC yake. Kila mzigo unapotoka, thamani yake inaingia kwenye mfumo wa Benki Kuu ya India, na tawi lile linawajibika kuona dola za mzigo ule zimeingia. Zisipoingia, msafirishaji anafuatwa. Fikirini sasa: muuzaji wa kweli aliyesajili benki yake Mumbai atawezaje kukuomba pesa ziende benki ya nchi nyingine? Akifanya hivyo anajitengenezea deni la maelezo kwa serikali yake mwenyewe. Yapo malipo ya mtu wa tatu yanayoruhusiwa, ndiyo, lakini yana utaratibu na karatasi zake, hayaji kwa mistari miwili ya barua pepe siku ya Ijumaa jioni.

Yule dada aliandika jibu fupi. Aliomba barua ya benki yenye AD code ya akaunti mpya. Ukimya. Baada ya siku mbili ikaja barua ya kumharakisha, AD code hakuna. Akachukua simu, akapiga namba iliyokuwa kwenye invoisi za miaka ya nyuma, akaongea na mhasibu anayemfahamu sauti. Mhasibu hakuwa na habari ya akaunti yoyote mpya. Pesa haikutoka.

Kwa hiyo shikeni hili: msitafute neno Valid mkaridhika. Tafuteni ulinganifu. Jina la kwenye profoma, jina la kwenye IEC, jina la mwenye akaunti ya benki, jina la msafirishaji kwenye BL, ile hati ya meli ya kupakia mzigo. Majina manne. Yakiwa mamoja, endelea. Likitofautiana moja, simama uulize, na jibu lije kwa maandishi.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Umelipa asilimia 30, sasa anakwambia mzigo umepakiwa, anataka 70 zilizobaki. Anakutumia nini? Picha ya BL kwa Wasapu. Sasa BL ni karatasi ya kampuni ya meli au ya wakala wa usafirishaji. Serikali haimo. Karatasi ya serikali ni ile tamko la kusafirisha nje linaloitwa Shipping Bill. Ndani yake kuna IEC ya msafirishaji, AD code yake, jina lako wewe mpokeaji, namba ya invoisi, bidhaa, idadi, thamani, na msimbo wa bandari: INNSA1 ni Nhava Sheva, INMUN1 ni Mundra. Na kuna kitu kinachoitwa LEO, ruhusa ya afisa wa forodha kwamba mzigo huu sasa upakiwe. Bila LEO mzigo hauingii melini kihalali.

Kaka mmoja wa vipuri vya pikipiki alitumiwa BL inayoonyesha mzigo umepakiwa Mundra tarehe 12. Muuzaji akambana alipe, eti meli iko baharini na mawakala wa Dar watamtoza gharama za kuchelewa. Mimi nikamwambia, omba nakala ya Shipping Bill. Ilichukua siku tatu na kelele nyingi kuipata. LEO ilikuwa ya tarehe 19. Someni wenyewe: forodha imeruhusu mzigo upakiwe tarehe 19, BL inasema ulikwishapakiwa tarehe 12. Mzigo uliingiaje melini wiki nzima kabla ya ruhusa? Haukuingia. Ile BL ilikuwa rasimu iliyotengenezwa mapema ili pesa itoke mapema, na mzigo ulipanda meli iliyofuata. Kaka yetu alilipa baada ya BL sahihi kutoka. Angelipa siku ile, angekuwa ameikopesha biashara ya mtu mwingine bila kujua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: tarehe ya invoisi, kisha Shipping Bill, kisha LEO, kisha BL. Kwa mpangilio huo. Likiruka moja, uliza. Na mkishapata namba ya Shipping Bill na tarehe yake na bandari, tovuti ya forodha yao, ICEGATE, ina sehemu ya wazi ya kuulizia hali ya tamko. Picha inaweza kuchezewa kwenye kompyuta ya mtu, lakini jibu la ICEGATE linatoka forodhani.

Kuna jambo mtakutana nalo hapo, msishtuke. Wakati mwingine IEC iliyo kwenye Shipping Bill ni ya kampuni nyingine, siyo uliyozungumza nayo. Sera yao inaruhusu mtu kusafirisha kupitia mwingine, na majina yote mawili hutakiwa kuonekana kwenye hati. Kama yanaonekana mawili, sawa. Kama linaonekana moja, na si la mtu uliyemlipa, basi mbele ya sheria uliyemlipa hajakuuzia kitu, na siku mzigo ukifika na kasoro utakosa wa kumdai.

Mzee wangu mmoja kule nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: je, siwezi kununua rekodi za mizigo yote ya huyu mtu nione anamuuzia nani na kwa bei gani? Wapo vijana wanazitembeza Wasapu, eti data za forodha ya India. Mzee wangu, tahadhari. Mwaka 2022 India iliongeza kifungu cha 135AA kwenye sheria yao ya forodha: kuchapisha taarifa za thamani, kiasi au majina ya wahusika wa mizigo bila kutakiwa na sheria ni kosa, kifungo hadi miezi sita au faini hadi rupia 50,000, au vyote. Kwa hiyo anayekuuzia anauza kitu chenye mashaka, na huna njia ya kujua kama ni cha kweli au amekitunga.

Njia halali ipo upande mwingine. Marekani huweka wazi taarifa za shehena zinazoingia kwa meli: nani ametuma, nani amepokea, bidhaa gani, uzito gani, bandari gani. Bei haimo. Muuzaji wako akikwambia anawauzia Wamarekani kila mwezi, jina lake linaweza kutafutwa humo. Ukimkuta, umepata ushahidi mzuri. Usipomkuta, usimhukumu haraka. Kampuni inaruhusiwa kuomba jina lake lifichwe kwa miaka miwili na kuhuisha ombi. Mizigo ya ndege haimo. Na mara nyingi jina linaloonekana kama mtumaji ni la wakala wa usafirishaji aliyekusanya mizigo ya watu kumi kwenye kontena moja.

Nimalizie na sisi wenyewe, kwa sababu tumekaa asubuhi nzima tunamsoma Mhindi, na huku forodha ya kwetu inatusoma sisi. Kwetu namba ni TIN, tarakimu tisa. Kila kontena linalotoka bandarini linatoka kwa TANSAD, tamko letu la forodha, na kila TANSAD ina TIN ya mtu. Sasa niambieni ukweli: wangapi humu wameazima TIN? Wangapi wameazimisha? Sitaomba mikono.

Kuna ndugu yetu aliyeagiza mwaka mmoja mzigo wake wa shilingi milioni 60. Akawasaidia marafiki watatu ambao karatasi zao hazikuwa tayari, mizigo yao ikapita kwa TIN yake, jumla milioni 190. Yeye kichwani ni mfanyabiashara wa milioni 60. Kwenye mfumo ni mfanyabiashara wa milioni 250, na hiyo ni thamani ya kuagiza tu, bado faida. Kizingiti cha kujisajili VAT huku Bara ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Akaitwa aeleze mauzo ya mizigo yote yako wapi. Marafiki wakapotea mmoja mmoja. Hakuwa na hata karatasi moja inayoonyesha mizigo ile ilikuwa ya nani, na BL zote zilikuwa na jina lake.

Na lile la kumwomba muuzaji akuandikie invoisi ya bei ya chini, sitalizunguka. Mhindi anapodai marejesho ya kodi kwa serikali yake, kwa kawaida yanahesabiwa kwa thamani iliyo kwenye Shipping Bill. Hapendi kuishusha, maana ataumia. Kwa hiyo anakuandikia wewe invoisi ndogo na yeye anabaki na kubwa. Mzigo mmoja, bei mbili, zimeandikwa kwenye serikali mbili, na TT uliyotuma benki inalingana na ile kubwa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inawapa maofisa miaka mitano ya kurudi na kudai vitabu vyako. Miaka mitano! Mzigo umeshauzwa, pesa imeshaliwa, ile karatasi ya benki bado ipo.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hii. Nendeni kwa mawakala wenu, hata kama wakala ni mimi, mkadai nakala ya kila TANSAD iliyopita kwa TIN yenu tangu mwaka uanze. Kaeni nayo na daftari la stoo, mstari kwa mstari. Mkikuta kontena ambalo halikuingia stoo kwenu, mtafuteni wakala huyo siku hiyohiyo awape BL yake na jina la aliyelichukua, kwa maandishi, wakati bado anakumbuka.

Asanteni kwa kunisikiliza.